Betri ya baiskeli ya umeme itakufikisha wapi?

Muuza baiskeli za umeme akikuambia "hii inakwenda kilomita 80", swali la kumuuliza ni: akiwa nani juu yake, kwenye njia gani, na miguu yake ikifanya nini? Bila majibu hayo, kilomita 80 hazikusaidii kupanga safari.

Anza na kibandiko kilicho ubavuni mwa betri. Ukikuta volti 36 na ampea-saa 13, zidisha: unapata wati-saa 468. Hiyo ndiyo akiba yote ya umeme. Usiipangie matumizi hadi tone la mwisho, kwa sababu saketi ya ulinzi huikata betri kabla haijakauka. Toa sehemu moja ya kumi, ubaki na kama wati-saa 420.

Sasa tujue kila kilomita inakula kiasi gani. Tuchukue mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 25, jumla kilo 100. Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, magurudumu yanahitaji takriban wati-saa 7 kwa kilomita, na zaidi ya nusu yake ni ya kusukuma hewa tu. Mpandaji akikanyaga pedali kwa utulivu anachangia zaidi kidogo ya 2. Zinazobaki hutoka kwenye mota, nayo hupoteza karibu robo ya umeme inaopewa kwa njia ya joto, hivyo betri inatoa kama 6. Gawanya 420 kwa 6: kilomita 70. Akiacha kukanyaga na kutegemea eksileta peke yake, betri inatoa zaidi ya 9, na safari inaishia karibu na kilomita 45. Hapo ndipo kiwango cha msaada unachochagua kwenye kidude cha usukani kinapofanya kazi yake: kinaamua mota ibebe kiasi gani na miguu yako ibebe kiasi gani.

Hewa inaadhibu mwendo kuliko wengi wanavyodhani. Mtu huyohuyo akishuka hadi kilomita 20 kwa saa, mahitaji ya magurudumu yanapungua kutoka 7 hadi karibu 5. Kwenye tambarare, kupunguza mwendo kunaokoa umeme mwingi kuliko kupunguza mzigo.

Mlimani mambo yanageuka. Fikiria barabara kama ile ya kutoka Himo kwenda Marangu, na kwa urahisi wa hesabu tuseme ni kilomita 12 zinazopanda mita 400. Kuinua kilo 100 kwa mita 100 kunahitaji wati-saa 27, uende haraka au polepole. Kwa mita 400 ni karibu 109. Ongeza 48 za matairi na hewa kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, jumla 157. Mpandaji anayekanyaga kwa utulivu uleule kwa dakika 48 anachangia 48, na betri inatoa takriban 145. Kila kilomita imekula 12, mara mbili ya ile ya tambarare. Kurudi chini ni karibu bure, lakini usitegemee kurudishiwa ulichotumia: mota nyingi za baiskeli haziwezi kuchaji betri wakati wa kuteremka.

Basi 420 zinatosha kupanda mara mbili. Mara ya tatu umeme utakwisha kabla ya kufika juu.

Mfungie mpandaji huyo kilo 40 za mchele na sukari kwenye keria. Kupanda mara moja sasa kunataka kama wati-saa 217, na mara ya pili hatafika kileleni. Kilo hizohizo kwenye tambarare zingemgharimu wati-saa moja na kidogo tu kwa kilomita. Kwa hiyo anayeishi Tanga mjini asijisumbue sana na uzito wake. Anayeishi Lushoto lazima auhesabu.

Tarakimu hizi zitayumba. Upepo wa mbele, tairi lisilojaa na barabara ya mchanga vyote huongeza matumizi. Ili kupata yako mwenyewe, jaza betri, pita njia yako ya kila siku, kisha usome wati-saa zilizotumika kama kioo cha baiskeli kinazionyesha. Zigawe kwa kilomita.

Usihukumu kwa vile vipau vya betri ukiwa katikati ya mlima. Mota ikivuta kwa nguvu, volti hushuka na vipau viwili vinaweza kupotea, kisha vikarudi ukipumzika. Visome ukiwa umesimama. Betri ya volti 36 ikijaa kabisa husoma karibu 42. Ikifika 42 kila asubuhi, lakini njia ileile, kwa mzigo na msaada uleule, inaimaliza mapema kuliko mwaka jana, basi betri imechakaa na ile 420 ya mwanzo haipo tena. Fanya hesabu upya kwa kiasi ambacho betri inatoa sasa.