Barua ya Kuomba Uwanja wa Shule

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu,

Usharika mmoja karibu na Tunduma uliomba kutumia uwanja wa shule ya msingi ya serikali kwa klabu ya michezo ya kulipia. Barua yao ilikuwa na mistari minne: siku, saa, na ada ya shilingi 4,000 kwa mwezi. Ilirudishwa. Tulipokaa nao tuliona kwamba mwalimu mkuu asingeweza kuikubali hata kama angependa.

Tangu Januari 2016 shule za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada. Mzazi akiona fedha zikipokelewa shuleni, atadhani ada imerudi, na lawama zitamwangukia mwalimu mkuu. Kwa twisheni hali ni ngumu zaidi, maana mwalimu anayelipwa jioni hushukiwa kuacha somo nusu asubuhi. Kwa hiyo tunashauri kuanza na michezo, na mkufunzi asiwe mwalimu wa shule hiyo.

Barua ya pili iliandikwa hivi:

"Tunaomba uwanja Jumanne na Alhamisi, saa 9:30 hadi 11:00 jioni. Ada itapokelewa na mhazini wa usharika, kwa stakabadhi, nje ya shule. Shule na walimu hawatashika fedha. Kati ya watoto 40, wanane hawatalipa, na majina yao hayatatangazwa. Wasimamizi watakuwa wawili kila siku, na mtoto akiumia tutampeleka zahanati na kumjulisha mzazi. Tunaomba ombi hili lijadiliwe na kamati ya shule, na kibali kiwe cha muhula mmoja."

Saa 11:00 haikuchaguliwa ovyo. Watoto wengi wa Tunduma huvuka barabara kuu ya malori yaendayo mpakani, na giza lisiwakute huko.

Waliambatanisha hesabu. Watoto 32 wanaolipa huleta shilingi 128,000 kwa mwezi. Mkufunzi hupata 10,000 kwa kila siku, yaani 80,000 kwa siku nane. Mlinzi hupewa 20,000, maji na usafi wa vyoo 10,000, mipira na matengenezo 18,000. Hakuna kinachobaki, na kamati ya shule ililiona hilo yenyewe.

Barua ya shule ya msingi huandikwa kwa Mwalimu Mkuu, ya sekondari kwa Mkuu wa Shule, ambako bodi ndiyo hujadili. Nakala mpeni Afisa Elimu Kata na Mtendaji wa Kata. Msianze kwa ruhusa ya mdomo. Mwalimu akihamishwa, ruhusa huondoka naye.

Wakikataa fedha, ombeni klabu ya bure au tumieni kiwanja cha kanisa. Na mkisikia majina ya wasiolipa yanasomwa mstarini, simamisheni klabu siku hiyo hiyo, kwa sababu ahadi ya barua imevunjwa.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi