KABLA YA KWENDA KUPUMZIKA MAJI MOTO NA RANGWI

Familia nyingi hutuuliza kama mgonjwa wa presha anaweza kwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto za Galanos, Amboni, karibu na mji wa Tanga, kisha kupanda Rangwi kupumzika kwa masista. Anaweza, lakini apimwe kwanza.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 62 anayeumwa magoti na kumeza vidonge vya presha. Joto la maji hulegeza misuli na kupunguza maumivu kwa muda. Hata hivyo joto hilo hilo hutanua mishipa ya damu na kushusha presha. Vidonge navyo vinaishusha. Basi akisimama ghafla kutoka majini, kichwa humzunguka, macho huona giza, naye huanguka juu ya mawe.

Kwa hiyo apimwe wiki moja kabla ya safari. Ikiwa 180/110 au zaidi, safari iahirishwe, atibiwe kwanza. Ikiwa 150/90 na hajisikii vibaya, aende, lakini asiache vidonge. Maji hayo yana salfa na hunuka kama mayai viza. Hayaponyi presha wala kisukari, na yasinywewe. Avue pia medali ya fedha, maana salfa huifanya nyeusi.

Maji yapimwe kwa kiwiko. Yakichoma, yachotwe kwenye beseni yapoe hadi yawe vuguvugu. Mwenye kisukari asipime kwa mguu, maana mguu uliokufa ganzi huungua bila yeye kujua. Mama yetu akae dakika 10 tu, mtu akiwa karibu naye. Akitoka, akae kitako kwanza, anywe maji safi, ndipo asimame polepole. Mwenye kidonda, homa, mimba au aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni asiingie bila ruhusa ya daktari.

Sasa siku. Tunashauri usiku 3 Tanga: siku ya kufika apumzike tu, na kila asubuhi ya siku mbili zinazofuata aoge mara moja. Siku ya nne asioge, asafiri kupitia Mombo, Soni na Lushoto hadi Rangwi. Njia ya mlimani huchosha, hivyo usiku 1 au 2 hautoshi. Waombeni masista nafasi ya usiku 3 mapema, ili apate siku mbili kamili za ukimya, sala na matembezi mafupi. Asubuhi ya kwanza asipande vilima. Achukue sweta, na dawa za siku zote pamoja na akiba ya siku 3.

Kifua kikibana, mdomo ukipinda, au mkono ukikosa nguvu, msingoje amalize mapumziko. Mpelekeni hospitali mara moja.