Taa Ndani ya Mtungi

Katika Bara Hindi, mvua kubwa zinapokwisha na mbingu kutakata, Wahindu hufanya sikukuu iitwayo Navaratri. Katika lugha ya Kisanskriti, nava maana yake ni tisa, na ratri ni usiku. Sikukuu hii huanza siku ya kwanza baada ya mwezi kufa, katika mwezi wao uitwao Ashvin, nayo huendelea usiku baada ya usiku hata siku ya tisa.

Mwajua kwamba mwezi wa Ramadhani huzunguka mwaka mzima, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni pungufu kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Wahindu nao hufuata mwezi, lakini karibu kila mwaka wa tatu huongeza mwezi mmoja mzima, ili sikukuu zisiyaache majira yake. Hivyo Navaratri ya mwaka 2019 ilianza Septemba 29. Mwaka 2020 mwezi uliongezwa, ikaanza Oktoba 17. Na mwaka 2021 ikarudi nyuma hata Oktoba 7.

Anayeabudiwa siku hizo ni mungu mke, ambaye wengi humwita Durga. Habari zake zimo katika kitabu cha kale kiitwacho Devi Mahatmya, ambacho beti zake huhesabiwa kuwa 700. Kisa kikubwa ndani yake ni hiki.

Palikuwa na zimwi, jina lake Mahishasura, yaani zimwi la nyati. Watu husimulia kwamba lilikuwa limepewa ahadi ya kutouawa na mwanamume yeyote, wala halikumwogopa mwanamke. Likapigana na miungu miaka mia, likawashinda, likaketi katika kiti cha Indra, mfalme wao. Miungu wakamwendea Vishnu na Shiva, wakawaeleza aibu yao. Wale wawili wakaghadhibika sana, na mwanga mkali ukatoka nyusoni mwao. Mwanga ukatoka kwa miungu wengine pia, ukakusanyika mahali pamoja kama mlima uwakao moto, kisha ukageuka kuwa mwanamke. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu. Vishnu akampa gurudumu lenye makali. Mungu wa upepo akampa upinde na podo za mishale. Na mlima Himalaya ukampa simba wa kupanda.

Vita vikawa vikali. Nyati akajigeuza simba, akawa mtu mwenye upanga, akawa ndovu, akarudi kuwa nyati. Mwishowe mungu mke akamrukia, akamkanyaga shingoni na kumchoma mkuki. Zimwi lilipokuwa likitoka katika kinywa cha nyati, nusu ndani na nusu nje, akalikata kichwa.

Msomaji atauliza: mwanga ule ulikuwa wa nani? Wa miungu wanaume, au wa mwanamke? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wahindu wana neno shakti, maana yake nguvu au uwezo, nalo katika lugha yao ni neno la kike. Husema kwamba kila mungu ana shakti yake, na bila hiyo hawezi kuumba wala kulinda wala kuharibu. Tena hawasemi kuwa mungu ni mmoja na nguvu yake ni kitu kingine mbali naye. Wawili hao hawatengani, kama vile moto usivyoweza kutengwa na joto lake. Wenye elimu wao hupenda kuonyesha jambo hili kwa maandishi: ukiondoa alama ya irabu i katika jina la Shiva, neno linalobaki ni shava, yaani maiti. Basi kwa fikira zao, miungu walipotoa mwanga hawakumtengeneza mtu mpya. Nguvu iliyokuwa imetawanyika ndani yao wote ilionekana mahali pamoja, kwa sura yake yenyewe.

Lakini si Wahindu wote wanaomweka mungu mke juu ya wote. Wale wafanyao hivyo huitwa Washakta. Wengine humweka Vishnu au Shiva mbele, na kumheshimu mungu mke kama mkewe.

Sasa tuingie katika nyumba moja ya Wahindu, tutazame. Siku ya kwanza husafisha pembe moja ya nyumba, kisha hutandaza udongo safi katika bakuli pana la udongo na kupanda shayiri. Katikati huweka mtungi wenye maji. Mdomoni mwa mtungi hupanga majani ya mwembe, na juu yake huketisha nazi. Kisha humwalika mungu mke kwa maombi akae katika mtungi ule kwa siku tisa. Udongo, maji, mbegu na mtungi uliotuna kama tumbo la mama mjamzito: mtu akivitazama vitu hivi haoni shida kufahamu ni nguvu ya namna gani inayoabudiwa hapo.

Shayiri huchipua siku ya tatu hivi. Kazi ya kuitunza yataka kiasi. Maji yakizidi, mbegu huoza na kunuka. Yakipungua, miche hunyauka. Miche iliyo mbali na mwanga huwa ya manjano na mirefu myembamba. Watu wengi hupenda kuona miche ya kijani iliyosongamana, kwani huichukua kuwa dalili ya mwaka mwema. Pengine huwekwa pia taa ya samli isiyotakiwa kuzimika siku zote tisa. Kwa hiyo mtu wa nyumbani huamka usiku kuongeza samli na kukata utambi ulioungua.

Katika Gujarat, upande wa magharibi, taa hutiwa ndani ya mtungi wenye matundu mengi. Mtungi huo huitwa garbo, neno litokalo katika garbha, yaani tumbo la uzazi. Usiku huwekwa katikati ya uwanja, na wanawake huuzunguka wakiimba na kupiga makofi. Ngoma yenyewe imechukua jina la mtungi, huitwa garba. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat. Kwa hiyo ngoma hii huchezwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam pia.

Siku ya nane au ya tisa, hasa kaskazini mwa Bara Hindi, wasichana wadogo ambao hawajavunja ungo hualikwa nyumbani. Wakubwa huwaosha miguu, huwalisha na kuwapa zawadi, kwa kuwa mungu mke husemwa kuwa yumo ndani yao. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, watoto wa chini ya miaka saba walipohesabiwa katika India yote, wasichana hawakufika 920 kwa kila wavulana 1000. Sababu kubwa ni kwamba wazazi wengi walitaka mwana wa kiume, wakaiharibu mimba walipojua ni ya msichana. Wahindu wengi wenyewe wameuliza kwa uchungu: twawezaje kumwosha miguu binti wa jirani, na wetu tukamkataa?

Siku ya kumi ni ya ushindi. Mungu mke huagwa kwa maombi, na tangu hapo mtungi ni mtungi tu. Maji yake hunyunyizwa vyumbani. Shayiri hukatwa, miche mingine hugawanywa kwa jamaa, nao huichomeka masikioni, na iliyobaki hupelekwa mtoni pamoja na udongo wake.