Tafsiri Isiyohamisha Jibu

Mafunzo ya kompyuta kuhusu uzingatiaji wa sheria na kanuni kazini huishia mara nyingi kwenye maswali ya kuchagua. Mfumo unaosahihisha hauelewi maana. Unachojua ni kwamba jibu sahihi ni, tuseme, C. Tafsiri ya Kiswahili ikipotoka, mfanyakazi aliyeelewa somo huhesabiwa amekosa, wala mfumo hautambui kasoro hiyo.

Mfano ni swali la rushwa. Afisa wa forodha anaomba fedha kidogo ili kontena litoke leo badala ya wiki ijayo. Mfanyakazi afanye nini? A: alipe, kwa kuwa ni fedha kidogo. B: alipe na kudai risiti. C: akatae na kutoa taarifa. Sheria ya Rushwa ya Uingereza ya mwaka 2010 haiyaruhusu malipo hayo, kwa hiyo katika somo linaloifuata jibu ni C.

Mfasiri akiyaita malipo hayo "ada ya kuharakisha huduma", msomaji atafikiria ada halali inayolipwa serikalini na kukatiwa risiti, na B litakuwa jibu la haki kabisa. Akiyaita "hongo", swali limejijibu lenyewe. Maneno yanayofaa ni "malipo yasiyo rasmi kwa afisa ili aharakishe kazi yake": yanaeleza tendo bila kulihalalisha wala kulihukumu.

Hatari ya pili imo katika ukanushi. "Si lazima kupokea zawadi" humwachia mtu hiari, ilhali "hairuhusiwi kupokea zawadi" humkataza. Katazo la Kiingereza likitafsiriwa kwa "si lazima", chaguo lililokuwa kosa huweza kuwa sahihi.

Ya tatu ni ngeli. Sentensi "Kabla ya kupokea zawadi, mfanyakazi apate … cha meneja" yenye machaguo risiti, ankara, kibali na barua haipimi chochote, kwa sababu "cha" inakubaliana na kibali peke yake. Dawa ni kuuliza swali kamili: "Kabla ya kupokea zawadi, mfanyakazi anapaswa kupata nini kutoka kwa meneja?"

Ili kuhakiki tafsiri, msomaji wa pili hupewa somo na maswali ya Kiswahili bila majibu. Hueleza kwa nini amechagua jibu moja na kwa nini ameyakataa mengine. Akichagua jibu tofauti na la asili, maneno ya swali na ya machaguo hupitiwa upya. Msomaji mwingine hujibu bila kusoma somo. Akipata karibu yote, huenda maneno yenyewe yanafichua majibu.

Wakati mwingine tafsiri haina kosa, lakini sheria ya nchi ya wasomaji inataka jibu jingine. Hapo mfasiri habadilishi jibu wala hapindishi swali; humwarifu mwenye mafunzo, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kubadilisha somo.