Fungu la Senti Kumi (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza kwamba pishi ni vibaba vinne, na kwamba kibaba chenyewe huwa cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, au cha tele, kilichorundikwa hata kikakaribia kumwagika. Leo nawaletea hadithi ya mwanafunzi mmoja, kijana mwenye haya kupita kiasi, ambaye jambo la namna hiyo lilimdhihirikia katika soko la Darajani, Unguja, kabla hajalisoma kitabuni.

Mwalimu wake alimtaka achunguze bei za vyakula. Naye, kwa kuwa kumhoji mtu asiyemjua kulimtoa jasho, alijiketia kando ya bibi mmoja muuza tungule, akawa anatazama tu. Siku ya kwanza aliandika: fungu, senti 10. Masika yakaingia, tungule zikaoza mashambani, sokoni zikaadimika, naye akaandika vile vile: fungu, senti 10. Alikaribia kuhitimisha kwamba mvua haina athari katika bei (na wamo maulamaa waliohitimisha mambo kwa dalili dhaifu kuliko hiyo), ndipo alipoutazama mkono wa bibi ukipanga: tatu chini, moja juu, ilhali zamani zilikuwa nne chini, moja juu.

Tangu hapo akawa hununua fungu moja kila juma na kwenda kulipima. Wakati wa masika lilikuwa wakia 10. Kipupwe kilipofika na tungule kuwa tele, lilikuwa wakia 15. Tazama basi: hesabu ya tungule ilitofautiana kwa moja tu, lakini kwa kuwa za masika zilikuwa ndogo pia, mnunuzi alipata thuluthi mbili ya uzito kwa senti zile zile, maana yake kila wakia ilimgharimu mara moja na nusu. Daftari la bei peke yake lisingeonyesha chochote.

Alijifunza pia kununua asubuhi, maana alasiri bibi huzisukuma zilizolainika zikanenepesha fungu. Lakini kosa kubwa lilitoka kwake mwenyewe: juma la nne bibi, kwa kumhurumia kijana mkimya, alimtilia moja ya nyongeza, na mizani ikaharibika. Hapo alilazimika kusema.

“Shikamoo, bibi. Kwa nini hupandishi bei?”

“Marahaba, mwanangu. Mtu huja na senti kumi yake mkononi. Nikimwambia kumi na tano, huenda kwa jirani. Nikipunguza tungule moja, hunung'unika, akanunua.”

Kuanzia juma lililofuata alituma watoto wasiojulikana, kila mara mwingine, wamnunulie. Na fungu lake mwenyewe, lenye nyongeza, akalifungulia safu ya pili katika daftari. Hiyo safu ya pili tutaieleza juma lijalo.