Vizuizi vya vimeng'enya: tazama upande wa kulia wa grafu

Mwaka 1913, mjini Berlin, Leonor Michaelis na Maud Menten walichapisha vipimo vya invatesi, kimeng'enya cha hamira kinachokata sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi. Walipima kasi ya mwanzo, kabla sukari haijapungua wala mazao hayajarundikana. Mlinganyo uliotokana na kazi yao ndio huu:

v = Vmax × [S] / (Km + [S])

[S] ni kiasi cha substrati, yaani kitu kinachobadilishwa na kimeng'enya. Substrati ikiwa chache, kasi hupanda karibu sawia nayo. Ikiwa nyingi, vimeng'enya vyote vinakuwa kazini na grafu hulala karibu na Vmax. Km ni kiasi cha substrati kinachofikisha kasi nusu ya Vmax.

Tuchukue kimeng'enya chenye Vmax 100 na Km milimola 2. Substrati ikiwa milimola 2, kasi ni 50. Sasa tutie kizuizi shindani, ambacho hukaa palepale panapokaa substrati. Fomepizoli, dawa ya waliokunywa methanoli, hufanya hivyo: hushika kimeng'enya cha ini ambacho kingeanza kuigeuza methanoli kuwa sumu inayopofusha macho. Kwa kuwa wawili hawa wanagombea nafasi moja, substrati ikizidi sana hushinda. Kizuizi kikiwa sawa na Ki yake, Km huonekana kuwa 4, lakini Vmax hubaki 100.

Kizuizi kisoshindani hukaa mahali pengine, na hushika kimeng'enya kwa nguvu ileile, kiwe kitupu au kimebeba substrati. Kuongeza substrati hakukiondoi. Ni kana kwamba nusu ya vimeng'enya imetolewa: Vmax hushuka hadi 50, Km hubaki 2. Hapa wanafunzi wengi hukosea kwa kuitafuta Km kwenye kasi ya 50, ambayo grafu hiyo haifiki kamwe. Nusu ya Vmax mpya ni 25, na inapatikana palepale kwenye milimola 2.

Ukiletewa grafu bila majina, usiamue kwa kutazama mwanzo wake. Kwenye milimola 0.2, kasi isiyo na kizuizi ni kama 9.1, shindani huishusha hadi 4.8 na kisoshindani hadi 4.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na makosa ya kawaida ya upimaji yanaweza kuifunika. Kwenye milimola 20, shindani hutoa 83, kisoshindani 45 tu. Kwenye milimola 200, wa kwanza umefika 98 na wa pili bado uko chini ya 50. Mtahini akikupa vipimo vya substrati chache pekee, jibu sahihi ni kwamba havitoshi kutofautisha vizuizi hivyo viwili.