Fahamu: Hifadhi ya mtandaoni, ulipie kwa mwezi au kwa mwaka?

Mpiga picha wa Jinja anayeweka picha za harusi kwenye hifadhi ya dola 1.99 kwa mwezi hutumia dola 23.88 kwa mwaka; akilipia mwaka mzima, 19.99. Tuseme shilingi ya Uganda ianguke kama mwaka 2015, dola ilipotoka takriban 2,800 Januari ikapita 3,600 Septemba. Malipo ya mara moja yangemgharimu kama 56,000. Ya kila mwezi, kwa wastani wa 3,200, yangezidi 76,000.

Utasema shilingi huenda ikapanda. Naam, lakini ili punguzo lile lifutike, bei ya dola ishuke kwa wastani wa asilimia 16, jambo adimu mno. Pingamizi lenye uzito ni la mfukoni: akikopa ili alipie mwaka mzima, mkopo wa simu wenye riba kubwa huweza kumeza faida yote, na anayehitaji hifadhi kwa miezi kumi au pungufu alipie kwa mwezi.